Ukiweka 😭 kwa Tangazo la Mtoto Aliyepotea, Nani Atashtuka?

Unajua vile meseji husomwa kwenye grupu za mtaa, iwe Kibera ama Kawangware. Mtu yuko ndani ya matatu, kidole kinasukuma skrini, na kila meseji inapata sekunde mbili hivi. Ukimwandikia aya nene, ataipita. Ndiyo maana kukata mistari kunasaidia: jambo moja, mstari mmoja.

Emoji pia ina kazi yake. Kama unauza viatu vya mtumba Toi, 📍 mbele ya mahali na 💰 mbele ya bei humwonyesha mteja pa kuangalia.

Sasa chukua jambo zito. Mtoto amepotea, na mtu anaandika: “🚨🚨🚨😭😭😭 Jamani wasee 🙏🙏 saidieni kushea”. Arifa ya simu huonyesha maneno ya kwanza tu, kwa hivyo utaona ving'ora na machozi, lakini hutajua nani amepotea wala wapi. Tena hiyo 😭 ndiyo wewe na mabeshte zako hutumia mkicheka. Mwenye haraka atadhani ni mimu, apite.

Linganisha na hii:

```
MTOTO AMEPOTEA, KAWANGWARE 46
Msichana, miaka 6, sweta nyekundu.
Alionekana mwisho 14/5 saa kumi jioni stejini.
Piga simu kwa mama: 07XXXXXXXX
```

Mstari wa kwanza unabeba habari yote kuu. Kuna tarehe badala ya “leo”, kwa sababu meseji ya kusambazwa huzunguka wiki nzima, na “leo” yake inakuwa uongo kesho yake.

Hesabu: hizo ni herufi 142 ukijumlisha nafasi na mikato ya mistari. SMS moja hubeba 160, kwa hivyo inatosha. Ongeza 😭 moja tu mwishoni na zinakuwa SMS tatu. Emoji haimo kwenye alfabeti ndogo ya SMS, kwa hivyo simu hubadilisha meseji yote kwenda alfabeti kubwa, na kikomo kinashuka hadi 70, ama 67 kwa kila kipande zikiunganishwa. Asiye na bando analipia zote tatu. Na shosho mwenye kabambe huenda akaona kiboksi kitupu mahali pa chozi lako.

Mikato nayo ina mpaka. Ukiweka neno moja kila mstari, meseji inakuwa ndefu kama ngazi, WhatsApp inaikata kwa “Read more”, na namba ya mama inabaki imefichwa chini.

Kabla ya kutuma, futa emoji zote kisha usome tena. Kama nani, wapi, lini na namba bado ziko, tuma hivyo hivyo. Kama kilichobaki ni “saidieni kushea”, bado hujaandika tangazo.