Hatifungani Inayokombolewa Mapema na Pengo Lake la Kweli

Mwaka 1984 Hazina ya Marekani iliuza hatifungani yenye riba ya asilimia 11.75 kwa mwaka. Ilikuwa iive Novemba 2014, ila masharti yake yaliipa Hazina haki ya kulimaliza deni kuanzia Novemba 2009, ikitaka, kwa kutoa taarifa ya miezi minne. Kufikia mwaka huo riba zilikuwa zimeporomoka, na serikali ileile iliweza kukopa kwa miaka 10 kwa chini ya asilimia 4. Taarifa ikatolewa, na tarehe 15 Novemba 2009 waliokuwa na hatifungani hiyo wakarudishiwa dola 100 kwa kila dola 100 za deni. Miaka mitano ya riba nono iliyokuwa imebaki ikafutika.

Hawakuulizwa, wala hawakuwa na la kupinga. Hapo ndipo jambo hili linapotofautiana na lile lililotokea Kenya Februari 2024, serikali ilipojitolea kununua tena hatifungani yake ya dola bilioni 2 iliyokuwa karibu kuiva. Kule kila mwenye hatifungani alikuwa huru kuuza au kungoja. Katika hatifungani inayokombolewa mapema, mnunuzi huwa ameiuza hiari hiyo tangu siku ya kwanza, na malipo yake yamefichwa ndani ya riba kubwa anayopewa. Ugumu uko katika kujua amelipwa kiasi gani.

Watu wengi huangalia pengo la riba, yaani ziada ambayo hatifungani inalipa juu ya deni la serikali la muda uleule. Tuseme kampuni ya kwanza inauza hatifungani ya miaka miwili, riba 7 kwa mwaka, bei 100, nayo ina haki ya kuikomboa kwa 100 baada ya mwaka mmoja. Kampuni ya pili, inayoaminika sawasawa na ya kwanza, inauza hatifungani ya kawaida ya miaka miwili yenye riba 6.6, nayo kwa bei 100. Deni la serikali la miaka miwili linalipa karibu asilimia 5. Kwa hesabu ya haraka, pengo la kwanza ni asilimia 2.0 na la pili 1.6. Mnunuzi mwenye haraka atachukua ya kwanza.

Lakini pengo hilo la 2.0 lina vitu viwili ndani yake. Kimoja ni fidia ya hatari kwamba kampuni itashindwa kulipa. Kingine ni bei ya ile haki ya kukomboa. Hatifungani ya kawaida ina cha kwanza peke yake, kwa hiyo ukizilinganisha hivi hivi unapima vitu visivyolingana. Kinachotakiwa ni kuitoa thamani ya haki hiyo kwanza, kisha kutazama pengo linalobaki. Kwenye skrini za wafanyabiashara wa hatifungani pengo hilo huonekana kwa herufi OAS.

Hesabu yake inaanza na deni la serikali. Riba ya mwaka mmoja leo ni asilimia 5. Mwakani itakuwaje? Hakuna ajuaye, basi tunachora njia mbili zenye nafasi sawa: ipande hadi 7 au ishuke hadi 3. Riba ikiwa 7, kampuni haina sababu ya kulipa mapema. Hatifungani inabaki na malipo ya mwisho ya 107, ambayo kwa riba hiyo yana thamani ya 100 kamili. Riba ikiwa 3, 107 zile zingekuwa na thamani ya 103.88, lakini kampuni haitakuachia faida hiyo. Itakopa upya kwa bei rahisi, ikupe 100, na mambo yaishe. Wastani wa njia mbili ni 100. Ongeza riba 7 ya mwaka wa kwanza, kisha rudisha thamani hadi leo kwa asilimia 5, unapata 101.90.

Sokoni bei ni 100, kwa sababu kampuni si serikali. Sasa tunaongeza kiasi kilekile juu ya kila riba katika mchoro wetu, juu ya 5, juu ya 7 na juu ya 3, na kurudia hesabu mpaka jibu lilingane na bei ya soko. Tukiongeza asilimia 1 tunapata 100.51, bado iko juu. Tukiongeza 1.5 tunapata 99.82, tumepitiliza. Kwa 1.37 njia ya juu inatoa 98.74, njia ya chini ingetoa 102.52 lakini inakatwa ibaki 100, wastani ni 99.37, ukiongeza riba 7 na kugawanya kwa 1.0637 unafika 100. Hiyo 1.37 ndiyo pengo tulilokuwa tunalitafuta.

Ukirudia hesabu hiyohiyo bila kuikata ile 102.52, bei inakuwa 101.18. Tofauti ya 1.18 ndiyo thamani ya haki uliyoiuzia kampuni. Kwa lugha ya pengo, ni asilimia 0.65 kati ya zile mbili zilizokuvutia. Hatifungani iliyoonekana nono inakupa 1.37 kwa hatari ya kushindwa kulipa, na ile ya kawaida inakupa 1.6. Uamuzi umegeuka.

Usiutangaze bado. Nilichagua mimi kwamba riba itapanda au kushuka kwa asilimia 2. Ningechagua kuyumba kidogo, kati ya 6 na 4, pengo la hatifungani ya kwanza lingetoka 1.68, nayo ingeishinda ya kawaida. Ningechagua kuyumba sana, kati ya 8 na 2, lingeshuka hadi karibu 1.06. Bei ni ileile, masharti ni yaleyale, na makadirio ya kuyumba kwa riba peke yake yamebadilisha jibu. Kadiri riba inavyotarajiwa kuyumba ndivyo haki ya mkopaji inavyokuwa na thamani, na ndivyo pengo linalokubakia linavyopungua. Muuzaji akikutajia OAS bila kusema ametumia kiwango gani cha kuyumba, hajakwambia kitu cha kulinganishia. Na hatifungani mbili zilizopimwa kwa viwango tofauti hazifai kuwekwa kwenye mizani moja.

Wataalamu hawatumii njia mbili tu. Mmoja wa michoro maarufu, uliochapishwa 1990 na Fischer Black, Emanuel Derman na William Toy, una hatua nyingi zinazogawanyika na kuungana tena, na umepangwa ulingane na riba za soko za siku hiyo. Viwango vya kuyumba huchukuliwa kwenye bei za mikataba ya haki za riba inayouzwa sokoni. Wazo, hata hivyo, ni lilelile tulilolifanya kwa kalamu: nenda mwisho, rudi nyuma hatua kwa hatua, na kila mahali kampuni inapoweza kukomboa, ikate bei.

Kuna sharti moja linalofanana na hili kwa sura tu. Hatifungani nyingi za kampuni za Marekani huruhusu kukombolewa wakati wowote, lakini kwa bei inayokokotolewa upya ili mkopeshaji afidiwe riba atakazokosa. Haki ya namna hiyo karibu haina thamani, na anayeikatia pengo anaionea hatifungani nzuri.

Kosa linaloniudhi zaidi, hata hivyo, liko ndani ya mchoro wenyewe. Unadhani kampuni itakomboa kila riba ya serikali inaposhuka, kana kwamba ziada inayotozwa juu ya riba hiyo haibadiliki. Desemba 2008 Deutsche Bank ilitangaza kwamba haitaikomboa hatifungani yake ya euro bilioni 1 tarehe ya kwanza ya ukombozi itakapofika Januari 2009. Riba za serikali zilikuwa zikishuka, ila katika msukosuko ule benki zilitozwa ziada kubwa mno juu yake, na kukopa upya kungeigharimu zaidi ya kuliacha deni la zamani liendelee. Wengi walikuwa wameinunua wakihesabu kurudishiwa pesa Januari. Sasa walikuwa na deni linaloiva 2014.