Posti Gani Inaleta Arbuni? Hesabu ya Fundi wa Kope

Kama wewe ni fundi wa kope pale Umoja, Kayole ama Donholm, huenda una video iliyotazamwa na maelfu, na bado kitanda chako kinakaa bure Jumanne nzima. TikTok inaweza kuionyesha video hiyo kwa mtu wa Kisumu, ambaye hatapanda gari kuja Umoja. Ndiyo maana tunasema: hesabu arbuni, si laiki.

Kwanza, jua kila arbuni imetoka wapi. Kwenye ukurasa wako wa Instagram weka linki hii, na badala ya X andika namba yako bila ile 0 ya mwanzo:

```
https://wa.me/254XXXXXXXXX?text=Nimetoka%20Instagram
```

Mteja akiibonyeza, maneno "Nimetoka Instagram" yanajiandika kwa WhatsApp, yeye anatuma tu. Akaunti ndogo ya TikTok huenda isikubaliwe kuweka linki. Hapo muulize mteja alikuona wapi. Arbuni ikiingia, ihakikishe kwa ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yako, si kwa skrinishoti. Kisha andika kwa daftari jina, kiasi na posti iliyomleta.

Tuchukue mfano wa wiki nne, arbuni ikiwa KSh 500. Video 12 za kabla na baada zimeleta arbuni 3. Status 24 za nafasi zilizo wazi zimeleta 10. Picha 4 za kope zilizomaliza wiki mbili bila kupukutika sana zimeleta 5.

Ukiangalia haraka, utasema video ziachwe. Pole pole. Status huonekana na mtu uliyeseti namba yake naye akaseti yako, kwa hivyo hao tayari wanakujua. Video ndiyo inayokuletea mgeni. Lakini kama kila moja inakula saa nzima, saa 12 kwa wateja 3 ni nyingi. Punguza video ziwe 2 kwa wiki, na picha za wiki mbili ziongezwe kutoka 1 hadi 2 kwa wiki. Hizo zinajibu swali la kila mteja: zitakaa?

Status weka kila asubuhi, kwa sababu inapotea baada ya saa 24. Andika saa zilizo wazi, bei na steji ya kushukia. Nafasi ikichukuliwa, ifute ndiyo watu wasiitishe kitu hakipo.

Refili haingoji posti. Kope za asili hudondoka zenyewe na zile za kubandika, hivyo wateja wengi hurudi baada ya wiki mbili hadi tatu. Siku ya 14, mwandikie mteja moja kwa moja.

Usibadilishe mpango kwa sababu ya wiki moja. Mwisho wa mwezi watu wamelipwa, na hata posti dhaifu huleta arbuni. Linganisha wiki nne na wiki nne.