Mifuko 100 ya Uyoga, na Ile Itakayoharibika

Mabua ya mpunga yanayobaki mashambani Dakawa baada ya mavuno ndiyo chakula kizuri kabisa cha uyoga wa mamama. Ndiyo maana mtu wa Morogoro mwenye mtaji mdogo namshauri aanze na uyoga kabla ya kufikiria nyanya za kitalu nyumba. Kitalu hudai fedha nyingi kabla mche wa kwanza haujapandwa, kisha unasubiri miezi miwili au zaidi ndipo uone tunda jekundu. Uyoga huanza kuchumwa wiki ya tano au ya sita, na banda lake hujengwa kwa miti, udongo na nyasi.

Mpango ninaoueleza hapa ni wa mifuko 100, kila mmoja ukibeba kilo 1 ya mabua makavu. Yakishaloana, mfuko hufika kilo 3 hivi. Bei nilizotumia ni za kupigia hesabu tu. Kila penye bei, weka ya sokoni kwako.

Banda lenye vyumba viwili, chumba cha giza na chumba cha mwanga, tulikadirie shilingi 400,000. Mapipa mawili ya lita 200 ya kuchemshia ni 100,000, kamba na chanja za kuwekea mifuko 60,000, bomba la kunyunyizia maji 30,000 na kipimajoto 20,000. Jumla ya kuanzia ni 610,000. Kisha kuna gharama za kila mzunguko. Mabua pamoja na kuyasafirisha ni 30,000, mbegu kilo 12 kwa 6,000 kila kilo ni 72,000, mifuko na pamba 20,000, kuni 25,000, chokaa na spiriti 8,000, na vifungashio 15,000. Hizo ni 170,000, bila kuhesabu nguvu zako mwenyewe. Mbegu ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko yote, na ndiyo usiyopaswa kuibania: kwa kilo 300 za mabua yaliyoloana, kilo 12 ni asilimia 4. Ukipunguza, utando wa uyoga huchelewa kuenea, na ukungu mwingine hupata nafasi ya kutangulia.

Kazi yenyewe huanza kwa kukata mabua vipande vya sentimita 3 hadi 5 na kuyaloweka usiku kucha kwenye maji yenye chokaa kidogo. Asubuhi yachuje, kisha ukamue konzi moja kwa nguvu. Yakitoa matone machache kati ya vidole, yako sawa. Maji yakitiririka, yaache yaendelee kuchuja, kwa sababu mfuko uliojaa maji hukosa hewa ndani na kuoza kwa harufu kali.

Baada ya hapo yachemshe kwa mvuke. Weka matofali chini ya pipa, maji kidogo, chekeche juu ya matofali, kisha mabua ndani ya gunia, na ufunike. Saa 4 huanza kuhesabiwa pale mvuke unapotoka juu ya pipa, si pale unapowasha kuni. Hapa ndipo wageni wengi wa kazi hii hukosea: moto unawaka tangu asubuhi, lakini katikati ya pipa mabua hayajaiva. Mapipa mawili hutosha mifuko 30 hivi kwa siku, kwa hiyo mifuko 100 ipande kwa mafungu matatu au manne, wiki moja moja. Hilo pia litakusaidia wakati wa kuuza, kwani uyoga hautakuja wote siku moja.

Mabua yakishapoa hadi mkono hausikii joto, osha mikono, ipake spiriti, funga mlango na uzuie upepo. Jaza mfuko kwa tabaka: mabua, mbegu, mabua, mbegu, huku ukishindilia. Funga mdomo ukiacha tundu dogo lililozibwa kwa pamba safi. Mifuko hukaa chumba cha giza wiki 3 hadi 4, mpaka yote iwe myeupe. Nyuzijoto 20 hadi 28 zinaufaa utando, lakini kumbuka kwamba ndani ya mfuko kuna joto zaidi ya chumbani, maana utando wenyewe hutoa joto unapokula. Ukiirundika mifuko Januari, ya katikati inaweza kupita nyuzi 35 na utando ukafa. Fungu la kwanza lianze Mei au Juni, Morogoro ikiwa imepoa.

Mfuko ukishakuwa mweupe kabisa, uhamishie chumba cha mwanga na uupasue matundu. Nyunyiza maji sakafuni na kutani mara mbili tatu kwa siku ili chumba kiwe na unyevu, na fungua madirisha yenye wavu. Vichwa vidogo vikitokea, baada ya siku 4 hadi 7 unachuma. Uyoga wenye shina refu na kofia ndogo unalilia hewa. Wenye kingo kavu zilizopasuka unalilia unyevu.

Sasa tuje kwenye mifuko inayoharibika, kwa maana faida yote imekaa hapo. Mfuko mmoja mzuri wa mtu anayeanza nauhesabu gramu 600, katika michumo mitatu ndani ya wiki 6 hadi 8. Karibu nusu yake hutoka mchumo wa kwanza. Mifuko 20 ikiharibika, 80 itakupa kilo 48. Toa asilimia 10 iliyosinyaa au isiyouzika, zinabaki kilo 43. Kwa 8,000 kila kilo ni shilingi 344,000, na ukitoa gharama za mzunguko unabaki na 174,000. Mizunguko minne hurudisha fedha za kuanzia, na huo ni karibu mwaka mzima. Ikiharibika 50, unauza kilo 27 na kubaki na 46,000 tu.

Adui mkubwa ni ukungu wa kijani. Huanza ukiwa mweupe kama utando wenyewe, kisha hubadilika rangi baada ya siku chache. Angalia umekaa wapi. Ukisambaa kila mahali, mabua hayakuiva. Ukianzia mdomoni, pamba au mikono ilikuwa michafu. Ukizunguka punje za mbegu katika mifuko mingi, mbegu ilikuja na ugonjwa, na hapo rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na mifuko hiyo. Mfuko wa kijani usiufungue ndani ya banda: utoe mzima mzima, upeleke mbali, umwage mabua shimoni na ufukie.

Usiongeze pumba za mpunga mzunguko wa kwanza, hata kama jirani anazisifia. Huongeza mavuno, ila huulisha na ukungu. Zisubiri mpaka mifuko inayoharibika ishuke chini ya 10 kati ya 100. Hata banda mimi ningeliahirisha. Panda kwanza mifuko 20 kwenye chumba cha ziada, na utafute wanunuzi wake kabla haijawa myeupe, kwa kuwa uyoga uliochumwa hukaa siku moja au mbili tu penye joto.

Chuma asubuhi kabla ya kunyunyiza maji, kofia zikiwa bado zimeinamia chini kwenye kingo. Ukichelewa, hutoa vumbi jeupe la mbegu zake, na vumbi hilo likivutwa kila siku huleta kikohozi na kubanwa kifua. Vaa barakoa kila unapoingia kuchuma, na usiwaache watoto wacheze humo.