Duka liko Msambweni, ramani yasema liko kwingine

Mwezi uliopita binti ya shangazi yangu alipoteza oda ya kilo 15 za halwa. Mteja alitoka Tiwi na gari lake, akafuata ramani ya simu mpaka Msambweni, ramani ikamfikisha mbele ya kibanda cha mitungi ya gesi. Akapiga nambari iliyoandikwa pale kwenye ramani, ikaita mtu mwengine asiyejua halwa wala sinia. Akabonyeza tovuti, ikagoma kufunguka. Bwana wa watu akageuza gari, akanunua Ukunda.

Dadangu aliponisimulia alikuwa na hasira na ramani. "Kaka, mimi niko hapa miaka saba, hawa wa Google wanipeleka kwa watu wa gesi?" Nikamwambia atoe simu tutazame pamoja. Tuliyoyaona pale ndiyo nataka kuyaeleza leo, maana najua maduka mengi kuanzia Likoni mpaka Lunga Lunga yana ugonjwa uo huo.

La kwanza la kufahamu ni kwamba duka lako laweza kuwa kwenye ramani na wewe hujawahi kuliweka. Mteja, kijana wa bodaboda au mtalii aweza kuongeza mahali, na Google nayo hukusanya habari kutoka huku na kule. Ukurasa ule mdogo unaoonyesha jina, nambari ya simu, saa za kufungua, picha na tovuti huitwa Business Profile. Zamani uliitwa Google My Business, jina likabadilishwa mwaka 2021, na ile programu yake ya simu ikaondolewa. Siku hizi mwenye duka huingia kwa akaunti yake ya baruapepe, akalitafuta duka lake kwenye Google au kwenye Google Maps, na sehemu za kurekebisha humtokea papo hapo. Kazi hii haina malipo. Akikupigia mtu akasema yeye ni Google na wahitaji kulipa elfu kadhaa duka lisifutwe, mkatie simu. Na nambari ya siri unayotumiwa wakati wa kuthibitisha usimsomee mtu yeyote.

Tulipofungua ukurasa wa duka la halwa hatukuona maneno "Claim this business", ambayo hutokea pale ambapo ukurasa hauna mwenyewe. Maana yake kuna mtu keshaushika. Dadangu akafikiri kidogo, kisha akakumbuka: mwaka 2019 kijana mmoja wa saibakafe alimtengenezea "tovuti na ramani" kwa pesa kidogo. Alitumia baruapepe yake mwenyewe, si ya dadangu. Sasa yule kijana yuko Ghuba, na nambari yake ya Kenya haipatikani.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtoto wake wa kiume alikuwa tayari kufungua ukurasa mpya wenye jina lile lile, nikamzuia. Ukifanya hivyo mnakuwa na maduka mawili kwenye ramani. Maoni ya wateja yabaki kwenye ule wa zamani, nambari sahihi iwe kwenye ule mpya, na mteja hajui ashike upi. Google yenyewe ikigundua kuwa ni duka moja yaweza kuuzima mmoja, na hujui itauzima upi. Duka lililoko kwenye ramani lidai lile lile, hata kama habari zake zote ni mbovu. Habari hurekebishika.

Njia ni kuomba. Ukijaribu kudai ukurasa ulio na mwenyewe, unaonyeshwa kipande cha baruapepe ya aliyeushika, kisha kuna "Request access". Unajaza jina lako, nambari yako na uhusiano wako na biashara. Aliyeushika hupewa siku 3 za kujibu. Akikubali, mambo yamekwisha. Akikataa, waweza kukata rufaa. Asipojibu, mara nyingi hupewa nafasi ya kuudai mwenyewe kwa kuthibitisha kwamba duka ni lako. Sisi tulingoja, siku ya nne tukarudi kupitia ule ujumbe wa baruapepe tuliotumiwa tulipoomba, na nafasi ilikuwa imefunguka.

Kuthibitisha ndiko kwenye kazi. Njia huchagui wewe. Google hukupa ile inayoona yafaa: kwa wengine ujumbe wa simu, kwa wengine baruapepe, na kwa maduka mengi siku hizi ni video. Dadangu alipewa video.

Video yenyewe hupigwa kwa simu ndani ya ule ukurasa, bila kukatwa na bila kuunganishwa, na isipungue sekunde 30. Kuna mambo matatu inataka kuyaona: duka liko mahali lilipotajwa, biashara ipo kweli, na wewe ndiye unayeiendesha. Ya kwanza tuliyotuma ilikataliwa, na nilipoitazama tena nikaona haki yao. Alikuwa amepiga ndani tu: masinia, sufuria, kabati la vioo. Halwa nzuri ya kutamanisha, lakini yaweza kuwa halwa ya Lamu au ya Maskati, nani ajue?

Ya pili tulianza nje barabarani. Akageuza simu taratibu kuonyesha barabara, kibao kinachoelekeza hospitali ya Msambweni na maduka ya jirani yenye majina yao. Kisha akasogea kwenye kibao cha duka lake, akatulia mpaka maandishi yasomeke. Akafungua kufuli kwa ufunguo wake mwenyewe, simu ikiwa bado inarekodi, maana mpita njia hana ufunguo. Akaingia nyuma ya meza ya kuuzia, akafungua droo ya pesa, akamalizia kwa leseni ya biashara ya kaunti iliyotundikwa ukutani, yenye jina lile lile la kwenye kibao. Dakika moja na nusu hivi. Majibu huweza kuchukua siku 5 za kazi. Yetu yalikuja kabla ya hapo.

Akina mama wengi huhofia hapa, basi niseme wazi: sura yako haitakiwi kwenye video. Mkono unaofungua mlango watosha. Wala usionyeshe kitambulisho wala karatasi za benki. Na kama wapika nyumbani na wateja hawaji kwako, wewe ndiye unayewapelekea, usiweke nyumba yako kwenye ramani. Kuna sehemu ya kuficha anwani na kutaja maeneo unayohudumia, kwa mfano Diani, Ukunda na Gazi.

Baada ya kukubaliwa tukaanza kusafisha. Pini tuliitoa kwa watu wa gesi, ambako ndiko duka lilikokuwa kabla hajahama, tukaiweka juu ya paa la duka la sasa kwa kutazama picha ya setilaiti. Huku kwetu vichochoro vingi havina majina, na sanduku la posta halikubaliwi kama anwani ya duka. Kinachosaidia ni ile kodi fupi ya herufi na tarakimu yenye alama ya + katikati. Bonyeza kwa muda juu ya paa la duka lako kwenye ramani na utaiona pale chini. Kodi hiyo hutaja kipande kidogo cha ardhi hata pasipo na jina la barabara. Waweza pia kuiandika kwenye kadi zako.

Jina tulilirudisha kama lilivyo kwenye kibao. Yule kijana alikuwa ameongeza "Best Halwa Diani Beach Wedding Catering", kwa kudhani yatamvutia watalii. Kanuni zinakataza, na ukurasa waweza kusimamishwa kwa sababu hiyo. Maneno ya kazi yako yaingie kwenye aina ya biashara na kwenye maelezo.

Ikabaki tovuti. Mwaka 2019 Google ilikuwa ikitoa tovuti za bure zenye anwani inayoishia kwa business.site, na yule kijana ndiyo aliyomtengenezea. Mwezi wa Machi 2024 Google ilizizima zote. Kwa miezi michache waliobonyeza walipelekwa kwenye ukurasa wa ramani, na baada ya Juni 10 mwaka huo wakawa hawaoni kitu. Kwa hiyo anwani ile haikuwa na hitilafu ndogo ya kungojea irekebishwe. Ilikufa, na ilibaki kwenye kibao cha duka, kwenye mifuko na kwenye kadi. Kama nawe una anwani yenye maneno hayo, ifute leo.

Dadangu amenunua jina linaloishia kwa .co.ke. Majina haya husimamiwa na KeNIC lakini huuzwa na mawakala wake, na hulipiwa kila mwaka. Safari hii limesajiliwa kwa baruapepe yake mwenyewe. Tovuti ni ukurasa mmoja tu: jina la duka, mahali lilipo, nambari ya simu, bei za halwa kwa kilo na picha nne. Nilichosisitiza ni kwamba jina, nambari na mahali viwe sawa kabisa na vya kwenye ramani. Mteja akiona nambari mbili tofauti hupiga ya mtu mwengine. Ukurasa wa Facebook tuliuweka kwenye sehemu ya mitandao ya kijamii, tusiutie mahali pa tovuti.

Sasa aniuliza kwa nini mtu aliyeko Ukunda akiandika "halwa" bado hamwoni juu. Nikamweleza kwamba Google hutazama mambo matatu: unachouza kinalingana vipi na kilichotafutwa, uko umbali gani na anayetafuta, na duka lajulikana kiasi gani, yakiwemo maoni ya wateja. Nafasi ile hainunuliwi. Kati ya Ukunda na Msambweni ni zaidi ya kilomita 20, na aliyeko Ukunda ataonyeshwa walio karibu naye. Lakini aliyeko Msambweni, au atakayeandika "halwa Msambweni", huyo ni wake. Tulimpigia shemeji Gazi ajaribu kwa simu yake, kwa sababu ukijitafuta kwa simu yako mwenyewe majibu hukupendelea. Akampata wa pili. Maoni aombe kwa wateja wake wa kweli, bila kumpa mtu kilo ya bure ili aandike, maana hilo nalo limekatazwa.

Bado kuna mawili. Mtoto wake tumemwongeza kama msimamizi, mama akabaki mwenyewe mkuu, na mtu mpya hungoja siku 7 kabla hajaruhusiwa mambo yote. La pili ni saa. Mwezi wa Ramadhani dadangu hufungua alasiri mpaka usiku, na ramani bado yasema saa mbili asubuhi. Kuna sehemu ya saa maalumu ambayo hujazwa kwa tarehe. Tumekubaliana ataijaza mwezi wa Shaaban, na sikukuu ya Idd aitie mapema, kisha kila wiki atazame kama kuna mtu amependekeza mabadiliko. Mtu yeyote aweza kupendekeza, na juzi tu mmoja alimwandikia kwamba duka limefungwa kabisa.