Matongotongo ya Siku ya Tatu

Januari 2024, macho mekundu yalipozuka Dar es Salaam, watu walikimbilia maduka ya dawa kununua matone ya antibiotiki. Wengi walitupa hela. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na virusi haviuawi na antibiotiki. Jicho la virusi huwasha na kutoa machozi mepesi. Mara nyingi huanza moja, la pili likafuata baada ya siku chache, huku mtu ana mafua au koo linamkereketa. Kwa kawaida hupona lenyewe katika wiki moja hadi tatu.

Jicho la bakteria hutoa usaha mzito, wa njano au kijani, unaorudi muda mfupi baada ya kupanguswa. Kope kugandana asubuhi hakutoshi kuwa ushahidi, maana hata virusi huzigandisha. Kwa mtu mzima, ukikosea kutofautisha, mara nyingi hasara ni ya mfuko tu, ilimradi jicho haliumi sana, haliogopi mwanga na linaona vizuri.

Kwa kichanga, hesabu hiyo haifai. Mtoto kazaliwa Jumatatu, salama. Jumatano jioni bibi yake anaona matongotongo, anayafuta kwa pamba na kusema ni uchafu wa uzazi. Alfajiri ya Alhamisi kope zimevimba hata hazifunguki, na zikiguswa usaha unachuruzika. Hiyo ndiyo sura ya kisonono, ambacho mtoto hukipata akipita kwenye njia ya uzazi na kwa kawaida hujitokeza siku ya pili hadi ya tano. Bakteria wake wanaweza kupenya kioo cha mbele cha jicho hata kama hakina mchubuko. Ndani ya siku moja au mbili kioo kinaweza kutoboka, na mtoto akapofuka kabla hajamjua mama yake kwa sura.

Klamidia huchelewa zaidi, kati ya siku ya tano na ya kumi na nne, na inaweza kushuka hadi kwenye mapafu. Mama anaweza kuwa na maambukizi yote mawili bila dalili yoyote, kwa hiyo swali la "nani kamletea?" lisubiri.

Hospitalini usaha huchukuliwa kupimwa, lakini tiba haingoji majibu. Macho huoshwa mara kwa mara kwa maji maalumu ya chumvi, na kisonono hutibiwa kwa sindano. Klamidia hutaka dawa ya kunywa. Mafuta ya macho peke yake hayatoshi. Mama na mwenzi wake nao hutibiwa.

Ni kweli, vichanga wengine hutokwa machozi na matongotongo kidogo kwa sababu mfereji wa machozi umeziba, na weupe wa jicho unabaki mweupe. Lakini kuamua hivyo ni kazi ya mganga. Usidondoshee maziwa ya mama wala chai ya rangi. Mtoto wa chini ya siku 28 akitoa usaha machoni, mpeleke hospitali leo hii, hata kama ni usiku.