Bakgamoni: ukubali ao ukatae dadu ya kuzidisha wakati mbio imekaribiana?

Mchezo uko karibu na mwisho. Kete za pande mbili zimekwisha kupitana, hakuna tena anayeweza kumpiga mwenzake. Imebaki mbio tu ya kufikisha kete nyumbani na kuzitoa nje. Hapo yule aliye mbele, kabla ya kurusha, anasukuma dadu moja kubwa katikati ya meza na kusema: « Nazidisha. » Aliye nyuma ana majibu mawili tu: kukubali, mchezo uhesabiwe mara mbili, ao kukataa na kulipa palepale.

Wachezaji wengi wapya hujibu kwa moyo. Mwenye hasira anakubali, mwenye woga anakataa. Lakini wakati mbio imekaribiana, jibu liko kwenye hesabu, na hesabu yenyewe haishindi ile ya mtu anayeuza sokoni.

Ile dadu kubwa ni nini?

Bakgamoni ni mchezo wa zamani sana, lakini dadu ya kuzidisha ni ya juzi. Ilianza kutumika katika vilabu vya New York, Amerika, miaka ya 1920. Wanaocheza kwa Kifaransa wanaiita vido. Haina nukta kama dadu za kawaida. Nyuso zake zimeandikwa 2, 4, 8, 16, 32 na 64, na hairushwi. Inaonyesha tu mchezo unahesabiwa mara ngapi.

Mwanzoni vido iko katikati, kila mchezaji ana haki ya kuitumia zamu yake ikifika, mbele ya kurusha. Mwenzake akikubali, vido inahamia upande wa yule aliyekubali. Kuanzia hapo ni yeye peke yake ana haki ya kuzidisha tena. Aliyezidisha hawezi kuigusa mpaka irudishwe kwake. Jambo hili dogo ndilo linaongoza uamuzi wote.

Kwa nini anayeshindwa akubali?

Swali hili linasumbua watu. Kama mtu anajua yuko nyuma, kwa nini aongeze makuta kwenye mchezo anaoelekea kuupoteza?

Chukua mfano wa ndugu wawili, mkubwa na mdogo wake, wanaocheza kwa franga 1.000 kila mchezo. Mkubwa anazidisha. Mdogo anajua kwamba katika hali kama hiyo, kwa michezo minne, yeye hushinda mmoja tu.

Akikataa mara nne, analipa franga 1.000 mara nne. Jumla amepoteza 4.000. Akikubali mara nne, kila mchezo ni franga 2.000. Anapoteza mitatu, ni 6.000. Anashinda mmoja, anapata 2.000. Jumla amepoteza 4.000 vilevile.

Kumbe mpaka uko hapo: mchezo mmoja kwa minne, ndiyo kusema 25 kwa 100. Mwenye nafasi kubwa kuliko hiyo anakosea akikataa, hata kama atapoteza mara nyingi. Kukubali hakumfanyi awe mshindi, kunampunguzia hasara.

Tena mpaka wenyewe unashuka kidogo. Aliyekubali anabaki na vido mkononi. Akirusha dadu nzuri na kumpita mwenzake, anaweza kuirudisha kwa 4, na mwenzake atakuwa katika shida ileile. Juu ya silaha hiyo, katika mbio ndefu mtu anaweza kukubali hata akiwa na nafasi kama 22 kwa 100.

Na hiyo ndiyo sababu aliye mbele hazidishi mapema. Kila akizidisha anatoa vido na kuiweka mikononi mwa mwenzake. Akifanya hivyo kwa uongozi mdogo, ametoa silaha bila kupata bei yake.

Kuhesabu hatua

Mezani kuna pembetatu 24, na kila mchezaji ana kete 15. Kila kete ina hatua zake: ile iliyo kwenye pembetatu ya 6 inahitaji hatua 6 ili itoke, iliyo kwenye 8 inahitaji 8. Jumla ya kete zote ndiyo umbali wa mbio. Mwanzo wa mchezo kila mtu ana hatua 167. Mrusho mmoja wa dadu mbili, ukichukua wastani, unaleta hatua 8 na kitu kidogo.

Tuseme mkubwa ana kete 2 kwenye pembetatu ya 7, kete 6 kwenye ya 6, kete 3 kwenye ya 5, kete 3 kwenye ya 4 na kete 1 kwenye ya 3. Hesabu ni 14, na 36, na 15, na 12, na 3. Jumla hatua 80.

Mdogo ana kete 3 kwenye pembetatu ya 8, kete 2 kwenye ya 7, kete 4 kwenye ya 6, kete 3 kwenye ya 5 na kete 3 kwenye ya 4. Hiyo ni 24, na 14, na 24, na 15, na 12. Jumla hatua 89.

Mkubwa yuko mbele kwa hatua 9, na ni zamu yake kurusha. Mdogo yuko nyuma kwa mrusho mmoja na zaidi kidogo.

Kanuni ya 8, 9 na 12

Wachezaji wenye uzoefu wanatumia kanuni moja fupi. Unachukua hatua za yule aliye mbele, ambaye ni zamu yake, unatafuta asilimia yake. Mwenzake akiwa nyuma kwa asilimia 8 ao zaidi, aliye mbele anaweza kuzidisha mara ya kwanza. Kama vido iko tayari upande wake na anataka kuirudisha, angoje asilimia 9, juu safari hii anatoa silaha iliyo yake peke yake. Na aliye nyuma anakubali mpaka asilimia 12. Kupita hapo, anakataa.

Kwa hatua 80, asilimia 8 ni hatua 6 na nusu hivi. Asilimia 12 ni hatua 9 na nusu hivi. Basi jibu linakuwa wazi. Mdogo akiwa na 86 ao chini, mkubwa angoje. Mdogo akiwa na 87, 88 ao 89, mkubwa azidishe na mdogo akubali. Mdogo akiwa na 90 ao zaidi, mkubwa azidishe na mdogo akatae.

Mdogo ana 89. Yuko ndani ya mpaka, kwenye ukingo kabisa. Nafasi yake ya kushinda ni karibu 24 kwa 100. Hiyo iko chini ya 25, lakini vido atakayoshika inaziba pengo. Jibu lake ni: « Yaya, nakubali. »

Kosa linaingilia wapi?

Mtu akikosea hatua moja kwenye ukingo kama huu, hasara ni ndogo, kwa sababu pale kukubali na kukataa kunakaribia kulingana. Hatari ni kosa kubwa linalotokana na haraka.

Tuseme mdogo ana hatua 97 kwa kweli, lakini amesahau kete moja iliyo kwenye pembetatu ya 8. Ataona 89, atakubali. Kumbe nafasi yake ni karibu 13 kwa 100 tu. Kwa michezo 100 ya namna hiyo, angekataa angelipa franga 100.000. Akikubali, hata akihesabiwa zile anazoshinda, anapoteza karibu 148.000. Vido aliyoshika haiwezi kurudisha tofauti hiyo yote.

Kosa hilo linaonekana kwa urahisi: ukimaliza kuhesabu hatua, hesabu pia kete. Kama hazikufika 15 na hakuna iliyokwisha kutoka, kuna moja umeisahau. Kosa lingine ni kuhesabu baada ya kurusha. Kanuni inasema juu ya yule anayengoja kurusha, na zamu hiyo peke yake ina thamani ya karibu hatua 4.

Pale kanuni inapodanganya

Hatua hazisemi kete zimekaa namna gani. Mtu mwenye kete nyingi zilizorundikana kwenye pembetatu ya 1 anaonekana ana hatua chache. Lakini akirusha 6, anatumia moja tu kutoa kete hiyo, na tano zinapotea. Ndiyo maana wazoefu humwongezea mtu huyo hatua 2 kwa kila kete inayozidi moja kwenye pembetatu ya 1, mbele ya kupima asilimia.

Kadiri mbio inavyokuwa fupi, udanganyifu huu unakua. Tazama mrusho wa mwisho. Mkubwa amebakiza kete mbili, ni zamu yake, na mdogo ana hakika ya kumaliza mrusho unaofuata. Kete za mkubwa zikiwa kwenye 5 na 2, ana hatua 7. Zikiwa kwenye 6 na 1, ana hatua 7 vilevile.

Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa namna 36. Kwa kete za 5 na 2, namna 19 zinamaliza mchezo, kwa hiyo mkubwa anashinda zaidi ya nusu. Azidishe bila kuogopa, kwa kuwa mdogo hatapata tena nafasi ya kutumia vido. Mdogo naye akubali, maana amebakiza namna 17 kwa 36, mbali juu ya robo. Lakini kwa kete za 6 na 1, ni namna 15 tu zinazomaliza. Hapo mkubwa akizidisha, anazidisha hasara yake mwenyewe. Hatua ni zilezile 7, majibu mawili tofauti.

Kwa hiyo kanuni ya asilimia ni ya mbio ndefu, kama ile ya 80 na 89, kete zikiwa zimepitana zote. Kukibaki hata kete moja inayoweza kupigwa, haifai. Katika mashindano ya kufikisha pointi fulani, mipaka pia inabadilika, kwa sababu pointi mbili hazina uzito mmoja kwa aliyebakiza moja na kwa aliyebakiza saba. Na kete zikibaki mbili ao tatu, mtu anaacha kuhesabu hatua. Anahesabu namna dadu zinavyoweza kuanguka.