Kuandika Malalamiko (3): Kutoka "Ana Jeuri" hadi Tukio Lenyewe

Sehemu iliyotangulia ya makala haya ilieleza mpangilio wa barua ya malalamiko; sehemu hii inahusu maelezo ya kosa, ambayo ndiyo huyaangusha malalamiko mengi ya haki. Mfanyakazi anayeandika kwamba msimamizi wake "ana jeuri na hana adabu" ametoa hukumu bila kuonyesha kilichomfikisha kwenye hukumu hiyo, na mlalamikiwa, yaani anayelalamikiwa, hana la kujibu ila kukana.

Nchini Tanzania upungufu huo una uzito wa kisheria. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri amjulishe mtuhumiwa tuhuma zake kwa namna na lugha anayoielewa, kisha ampe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48. Muda huo haumsaidii kitu mtu asiyejua anaulizwa kuhusu siku gani na neno gani.

Ichukuliwe kwamba mlalamikaji ni karani wa stoo. Akiulizwa jeuri hiyo aliiona wapi, huenda akajibu kwamba msimamizi "humdharau kila siku mbele za watu", na jibu hilo bado ni hukumu, kwa kuwa dharau haionekani kwa macho. Akibanwa zaidi aseme alichokiona na kukisikia, ndipo maelezo yenye kufaa hupatikana: Jumanne, saa 2:40 asubuhi, kwenye meza ya kupokelea mizigo, msimamizi aliitupa hati ya mapokezi sakafuni na kusema, "Hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha hii," kwa sauti iliyomfikia mlinzi getini, wapakiaji wawili wakiwapo. Sasa mlinzi anaweza kuulizwa, na msimamizi anaweza kueleza kwamba hati ilimponyoka, jambo ambalo ni haki yake.

Hatari kubwa zaidi imo katika vitenzi, kwa sababu "alinibeza" na "alifanya makusudi" huonekana kama taarifa ilhali vimebeba tafsiri ya nia ya mtu. Maneno yaliyotamkwa yaandikwe yalivyotamkwa, hata yakiwa machafu, kwani "alinitukana" huficha kama lilikuwa tusi au karipio. Nalo neno "kila siku" libadilishwe kuwa tarehe zinazokumbukwa. Matukio matatu yenye tarehe yana nguvu kuliko dai ambalo siku moja ya utulivu inatosha kulivunja.

Uchungu wa mlalamikaji haufutwi, kwani ni sehemu ya madhara aliyoyapata, ila huwekwa baada ya tukio na kutajwa kuwa ni wake: kwamba alifedheheka, na kwamba tangu siku hiyo huzipeleka hati kwa kupitia mwenzake. Yale aliyosimuliwa na wengine ayaandike kuwa ni ya kusimuliwa, akimtaja aliyeyasimulia, ili huyo naye aitwe kuyaeleza mwenyewe.